Maombi matatu ya bei kwa Kifaransa, mota moja ya kinu: lipi la kumtumia muuzaji?

Mota ya kinu chetu cha mahindi hapa Lubumbashi ilipoungua, niliwaandikia wauzaji watatu wa Ufaransa barua ya mistari minne kuomba bei. Bei tatu zilirudi, na hakuna mbili kati yake zilizohusu kitu kimoja. Ilinibidi niandike upya kwa namna nyingine, kisha nikaandika kwa namna ya tatu kwa muuzaji mmoja niliyetaka anishauri. Kwa hiyo nina barua tatu zilizoomba mota ileile, na ninaweza kuziweka pamoja ili anayejiandaa kumwandikia muuzaji wa Kifaransa achague kwa kuona. Swali hili ni la wengi: sisi wa Kongo na wenzetu wa Burundi, na pia Watanzania na Wakenya wenye mashine zilizotengenezwa Ufaransa au Ubelgiji wanaotafuta vipuri vyake.

Barua ya kwanza ilikuwa hii:

```
Bonjour, veuillez nous envoyer le prix
d'un moteur électrique triphasé de 10 CV
pour moulin à maïs, avec le transport.
C'est urgent. Merci.
```

Kifaransa chake hakina kosa la sarufi. Mtu yeyote wa Lyon ataisoma na kuielewa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kila mmoja ataielewa kwa namna yake. Muuzaji wa kwanza alinipa bei ya mota ya nguzo mbili, inayozunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Wa pili alinipa ya nguzo nne, inayozunguka karibu mara 1,450, lakini ya kufungwa kwa uso wa mbele badala ya miguu. Wa tatu alinipa ya nguzo nne yenye miguu, ila nyaya zake zilikuwa za volti 230/400. Kuhusu usafiri, mmoja alihesabu mpaka bandari ya Le Havre, mwingine mpaka Dar es Salaam, na wa tatu aliandika kwamba usafiri utajadiliwa baadaye. Mmoja aliweka kodi ya Ufaransa ndani ya bei, wawili hawakuiweka.

Bei ya chini kabisa ilikuwa ya yule wa nguzo mbili. Fundi wetu, mzee aliyefunga upya mota nyingi za mji huu, aliitazama proforma akaniambia, "Mwanangu, hii ukiifunga na puli ileile, kinu kitazunguka mara mbili ya kawaida. Nyundo zitaruka." Nilimwuliza kama tungeligundua kosa wakati wa kuifunga. Akachukua rula. Mota ya kilowati 7.5 ya nguzo mbili na ile ya nguzo nne zote zina shafti ya milimita 38, kwa hiyo puli ingeingia vizuri kabisa. Tofauti ingeonekana kwenye miguu tu: ya nguzo mbili kwa kawaida hukaa katika umbo la 132S, na matundu ya bolti kwa urefu wa mota yameachana milimita 140. Ya nguzo nne ni 132M, na yameachana milimita 178. Fundi mwenye haraka hutoboa matundu mapya na kuendelea.

Barua ya namna hii ina matumizi yake, na sitaki kuidharau. Ukiwa unapanga bajeti tu, hujaamua kununua, na unataka kujua kama mota kama hiyo ni jambo la mamia ya euro au maelfu, mistari minne inatosha na majibu huja upesi. Wafaransa wana jina lake, "demande de prix", na muuzaji akiiona hajisumbui kuandaa hati ndefu. Ila isitumike kulinganisha wauzaji. Ukishapata majibu, unacholinganisha ni namna tatu za kukisia.

Kabla ya kwenda kwenye barua ya pili, tazama ile "10 CV". Katika vinu vyetu watu huhesabu kwa farasi, na "CV" ni farasi kwa Kifaransa. Farasi huyo ni tofauti kidogo na yule wa Kiingereza: 10 za Kifaransa ni kilowati 7.36, na 10 za Kiingereza ni 7.46. Tofauti hiyo haiui mota. Shida ni kwamba muuzaji wa leo ana orodha ya kilowati, hivyo atachagua mwenyewe namba iliyo karibu. Ukiandika kilowati, humwachii nafasi hiyo.

Barua ya pili niliiandika nikiwa nimechuchumaa mbele ya mota iliyoungua, nikisoma kibati chake kwa tochi na kupima kwa rula:

```
Objet : Demande de devis - 1 moteur asynchrone triphasé 7,5 kW

Puissance : 7,5 kW, service continu S1
Vitesse : 4 pôles, 1500 tr/min, 50 Hz
Tension : 400/690 V (400 V en triangle),
          démarrage étoile-triangle
Fixation : à pattes (B3), carcasse 132M
Bout d'arbre : diamètre 38 mm, longueur 80 mm
Protection : IP55
Site : altitude 1200 m, ambiance 40 °C max.
```

Mistari hii haina uzito sawa. Mitatu kati yake ndiyo iliyobadilisha majibu, na kila mmoja unastahili kuelezwa kwa nafasi.

Wa kwanza ni mstari wa volti. Kinu chetu huwashwa kwa swichi ya nyota na pembetatu: mota huanza ikiwa imeunganishwa kwa nyota ili isivute umeme mwingi, kisha ikishika mwendo huhamia pembetatu na kubaki humo. Katika pembetatu, kila koili inapata volti zote 400 za mtandao. Kwa hiyo koili lazima ziwe zimetengenezwa kwa 400, na kibati cha mota hiyo husomeka 400/690. Mota yenye kibati cha 230/400 ina koili za volti 230, na kwenye mtandao wetu inapaswa kubaki kwenye nyota daima. Ukiifunga kwenye swichi yetu, itawaka vizuri, itaongeza mwendo, na swichi ikihamia pembetatu koili za 230 zitapewa 400. Hapo utasikia mngurumo, kisha utanusa vanishi ikiungua. Zote mbili ni mota nzuri za kilowati 7.5 na zote huitwa "triphasé 400 V" katika mazungumzo. Muuzaji wa tatu wa barua ya kwanza hakunidanganya. Aliuza alichokuwa nacho stoo, na barua yangu haikumwambia neno lolote juu ya swichi. Ndiyo maana niliongeza "400 V en triangle" na namna ya kuwasha, hata kama inaonekana ni kurudia.

Wa pili ni mstari wa mahali. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Viwango vya kimataifa vya mota huhesabu nguvu ya kibati kwa mahali pasipozidi mita 1,000 na joto la hewa lisilozidi nyuzi 40. Juu ya hapo hewa ni nyepesi, haipozi vizuri kama ya chini, na mota haipaswi kubebeshwa mzigo wake wote. Kwa mita 200 za ziada punguzo ni dogo, lakini kinu kimo ndani ya chumba chenye bati juu, na mwezi wa Oktoba joto la humo si mchezo. Wauzaji wawili kati ya watatu walijibu mstari huu peke yake kwa sentensi nzima, wakithibitisha kwamba mota yao inafaa. Uthibitisho ulioandikwa ndani ya devi, yaani hati ya bei ya muuzaji, una thamani: ikitokea mota inapata joto kupita kiasi, unajua pa kuanzia kudai. Mwenye kinu cha Mombasa au Tanga anaweza kuufuta mstari huu. Wa Mbeya, Bukavu au Nairobi asithubutu.

Wa tatu ni mstari wa miguu na umbo. "B3" ni herufi moja na tarakimu moja, lakini ndiyo iliyozuia mota ya uso wa mbele, ambayo huitwa B5, isirudi tena. "132M" inabeba vipimo vyote vya miguu kwa mkupuo: kimo cha shafti kutoka chini ni milimita 132, na umbali wa matundu ni ule niliotaja. Kama kibati chako kimefutika na huwezi kusoma umbo, usikisie. Pima kimo cha shafti, kipenyo na urefu wake, na umbali wa matundu pande zote mbili, kisha andika vipimo hivyo vyote kama vilivyo. Muuzaji atalijua umbo mwenyewe.

Sasa jambo dogo la uandishi ambalo limewahi kugharimu watu. Kwa Kifaransa, mkato hutenga sehemu ya desimali: kilowati saba na nusu ni 7,5. Sisi tuliozoea kuandika 1,500 kwa maana ya elfu moja na mia tano, tukiipeleka namba hiyo Ufaransa itasomwa moja na nusu. Kwa mota msomaji atacheka na kuelewa. Kwa urefu wa kebo, unene wa bati au kiasi cha dawa, huenda asielewe. Namba za maelfu ziandike bila alama yoyote, 1500, na desimali kwa mkato.

Barua ya pili ilirudisha devi tatu ambazo niliweza kuziweka mezani bega kwa bega. Muuzaji mmoja alinipa mota ya chapa nyingine yenye vipimo vilevile, jambo nililoliruhusu kwa maneno "ou équivalent, fiche technique à joindre". Bila maneno hayo ya mwisho, "ou équivalent" ni mlango ulioachwa wazi, maana muuzaji ndiye anayeamua kipi ni sawa na kipi. Ukidai karatasi ya vipimo, wewe ndiye unayeamua.

Udhaifu wa barua ya pili ni kwamba unapata hasa ulichoomba. Kama ulichoomba kilikuwa kibaya tangu mwanzo, utaletewa kibaya kipya. Mota yetu iliungua, na barua yangu iliagiza ileile bila kuuliza kwa nini iliungua. Hilo ndilo lililonisukuma niandike ya tatu:

```
Nous cherchons un moteur pour entraîner, par courroies,
un moulin à marteaux (maïs sec, environ 8 heures par jour,
local poussiéreux). Réseau 400 V, 50 Hz, tension instable.
Le moteur actuel (7,5 kW, 4 pôles) a brûlé.
Merci de nous proposer le moteur adapté
et de joindre la fiche technique.
```

Hapa humwambii muuzaji akuuzie nini, unamweleza kazi. Jibu lilichukua muda mrefu zaidi, na kabla ya jibu yalikuja maswali: volti hushuka mpaka ngapi mchana, puli zina vipenyo gani, mikanda mingapi, kuna kifaa cha kukata umeme mota ikizidiwa? Nilikwenda kupima. Nyakati za jioni, mtaa mzima ukiwa unapika, volti zilikuwa zinashuka sana, na mota inayobeba mzigo uleule kwa volti pungufu huvuta ampea zaidi na kupata joto. Kifaa cha kukata kilikuwapo, lakini kilikuwa kimefunguliwa mpaka mwisho ili kisikate kazi. Mota ya kilowati 7.5 ya aina hii huvuta karibu ampea 15 ikibeba mzigo kamili. Chetu kiliwekwa 25. Mota mpya ingeungua vilevile.

Muuzaji huyohuyo aliuliza pia kuhusu vumbi la unga. Vumbi la unga likitanda hewani kwa wingi linaweza kulipuka, na Ulaya kuna mota zenye alama maalumu kwa vyumba vya namna hiyo. Alinipa bei mbili, ya mota ya kawaida na ya ile yenye alama, na ya pili ilikuwa ghali zaidi waziwazi. Kinu chetu kiko wazi pande mbili, vumbi halitandi, basi tulichagua ya kawaida na kuongeza siku za kufagia. Lakini uamuzi huo niliufanya nikijua, wakati barua ya pili isingelileta swali hilo hata kidogo.

Ubaya wa barua ya tatu ni kulinganisha. Ukiituma kwa wauzaji watatu, watakuletea mota tatu za aina tatu, kila moja ikiwa na hoja nzuri, na bei hazitalingana tena. Tena inakuweka mikononi mwa muuzaji: akitaka kuuza kubwa kuliko unavyohitaji, atapata sababu. Na wauzaji wadogo wasio na mhandisi hawaijibu kabisa.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Kama kibati kinasomeka, kifaa cha zamani kilifanya kazi vizuri kwa miaka, na kimekufa kwa uzee, tuma barua ya pili kwa wauzaji watatu. Kama kimekufa mapema, au unabadilisha mashine, au hujui kilichoungua, anza na barua ya tatu kwa muuzaji mmoja au wawili wenye mafundi, kisha chukua vipimo walivyokubaliana navyo, uvigeuze kuwa barua ya pili na kuituma kwa wote. Na hata unapoandika ya pili peke yake, weka mstari mmoja wa ya tatu ndani yake: kazi ya kifaa na mazingira yake. Mimi sasa huandika daima "Usage : moulin à marteaux, local poussiéreux, tension instable" chini ya vipimo. Mstari huo haubadilishi ulichoomba, lakini unampa muuzaji mwaminifu nafasi ya kukuambia kwamba umekosea.

Upande wa bei unahitaji uamuzi pia, nao ni mfupi. Devi ya Kifaransa huwa na "HT", yaani bila kodi, au "TTC", pamoja na kodi. Kodi ya kawaida ya Ufaransa ni asilimia 20, kwa hiyo mota ya euro 800 bila kodi huonekana 960 pamoja na kodi. Bidhaa inayosafirishwa nje ya Umoja wa Ulaya haitozwi kodi hiyo, kwa hiyo omba "prix HT, export" kwa wote. Kodi yetu ya Kongo, asilimia 16, utaikuta mpakani, nayo haimhusu muuzaji. Kuhusu usafiri, usiandike "avec le transport" kama nilivyofanya. Omba bei mbili zilizotengana: "FCA" pamoja na jina la mji wa muuzaji, yaani mzigo umekabidhiwa kwa msafirishaji pale, na "CIP Lubumbashi", yaani usafiri na bima vimelipwa mpaka kwako, bila ushuru. Ya kwanza ndiyo utakayoilinganisha. Ya pili itakuonyesha kama msafirishaji wako mwenyewe, wa kupitia Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa, ni nafuu kuliko wao.

Nimeacha tarehe ya mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndipo Kifaransa kinapotega mitego mingi, na barua nzuri ya vipimo inaweza kuharibika hapa.

Neno la kwanza ni "délai". Maana yake ni muda uliopewa kitu kifanyike, kwa mfano wiki nne. Siyo siku ya mwisho, na siyo kuchelewa, ingawa waliosoma Kiingereza kwanza hulisoma hivyo. Kuchelewa ni "retard". Siku ya mwisho ni "date limite". Nimeona barua iliyoandikwa "le délai est très important pour nous" kwa nia ya kusema devi ifike mapema. Muuzaji alielewa kuwa mteja anataka mzigo ufike mapema, akaongeza gharama ya ndege.

Kisha kuna hesabu ya siku. Mfaransa akisema "huit jours" ana maana ya wiki moja, na "quinze jours" ni wiki mbili, hata kama wiki mbili zina siku 14. "Jours ouvrables" kwa kawaida ni Jumatatu hadi Jumamosi, "jours ouvrés" ni siku ambazo ofisi hufunguliwa, mara nyingi Jumatatu hadi Ijumaa, na "jours calendaires" ni siku zote. Siku kumi za aina hizi tatu huisha katika tarehe tatu tofauti. Halafu swali la zinaanza kuhesabiwa lini: tangu barua ilipoandikwa, au ilipofunguliwa?

Unaweza pia kuandika "avant le 18 mars", na hapo hata Wafaransa wenyewe hubishana kama tarehe 18 imo au haimo. Linganisha na namna hii:

```
Date limite de réception des offres :
mercredi 18 mars 2026 à 17 h 00, heure de Lubumbashi (UTC+2).
Validité de l'offre : 60 jours à compter de cette date.
Délai de livraison : à indiquer en semaines,
à compter de la réception de l'acompte.
```

Kuandika jina la siku pamoja na tarehe ni kinga dhidi ya kidole kilichoteleza: ukiandika Jumatano 19, msomaji ataona hazilingani na kuuliza. "Réception" linasema devi iwe imefika kwako, haitoshi iwe imetumwa. Saa ya mahali inahitajika kwa sababu Ufaransa hubadilisha saa: tarehe 18 Machi wako saa moja nyuma ya Lubumbashi, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka ya mwisho ya Oktoba tuko sawa. Mwandishi wa Dar es Salaam au Nairobi ataandika UTC+3.

Na kuna mtego wetu sisi Waswahili. Saa kumi jioni ni "16 h", na saa nne asubuhi ni "10 h". Aliyezoea saa za Kiswahili akiandika kwa haraka "à 10 heures" akimaanisha saa kumi jioni, amewafungia wauzaji mlango mapema kwa muda wa saa sita. Devi inayoingia saa nane mchana itahesabiwa imechelewa, na anayeshindana anaweza kulalamika kwa haki kama ikipokelewa. Andika saa kwa mtindo wa tarakimu 24, kisha isome kwa sauti kwa Kiswahili kabla ya kutuma.

Mstari wa "délai de livraison" nilioweka unaonekana wa kawaida, lakini mwisho wake ndio wenye kazi. Muuzaji mmoja alihesabu wiki nne tangu oda, mwingine tangu malipo ya awali yaingie benki. Kutoka Lubumbashi, kati ya oda na fedha kuingia benki ya Ufaransa zinaweza kupita siku nyingi. Nilipowalazimisha wote wahesabu tangu malipo ya awali, yule aliyeonekana wa haraka hakuwa wa haraka tena.

Muda wa kuwapa ni wa kuamua pia. Kwa mota ya stoo, wiki mbili zinatosha kwa barua ya pili, na tatu kwa ya tatu kwa sababu ya maswali. Epuka kuweka siku ya mwisho katikati ya Agosti, wakati ofisi nyingi za Ufaransa zimefungwa, na uangalie Mei: tarehe 1 na 8 ni sikukuu, kuna pia Alhamisi ya Kupaa, na wengi huunganisha Ijumaa inayofuata. Kwenye barua inayotumwa Mei mimi huongeza wiki nzima.

Heshima za barua hazihitaji kurefushwa. Anza na "Madame, Monsieur," kama humjui msomaji, ingia kwenye jambo bila salamu za hali ya nyumbani, na utumie "nous vous prions de bien vouloir" unapoomba, maana "envoyez-nous" peke yake husikika kama amri. Kwa barua pepe, "Cordialement" inatosha mwishoni. Ile sentensi ndefu ya "Veuillez agréer" ni ya barua ya karatasi yenye mhuri, na hapa kwetu ofisi za serikali bado huitarajia.

Kabla ya sahihi, weka "La présente demande ne vaut pas commande." Inasema kwamba ombi hili siyo oda. Ufaransa devi ni ahadi ya muuzaji, na mteja akiisaini kwa maneno "bon pour accord" imekuwa mkataba. Kwa hiyo ukitaka tu kuthibitisha kwamba umeipokea, jibu "bien reçu" bila sahihi wala mhuri. Na ukihitaji hati ya kupeleka benki kwa ajili ya kutuma fedha, omba "facture proforma" baada ya kuchagua, kwa yule mmoja tu uliyemchagua.

Siku mbili za kazi kabla ya tarehe ya mwisho, watumie ambao hawajajibu mstari mmoja: "Sauf erreur de notre part, nous n'avons pas encore reçu votre offre." Ni upole wa Kifaransa unaoacha nafasi kwamba huenda kosa ni letu. Muuzaji wetu wa tatu alijibu mstari huo ndani ya saa moja. Devi yake ilikuwa imekwama kwenye barua taka, na ndiye aliyetuuzia mota.